Kabla hujaandika notisi ya usuluhishi, soma kile kifungu chenyewe

Shemeji yangu wa Uyole fuso lake lilianguka mlima Kitonga na shehena ya viazi, dereva akatoka salama, gari likawa halitengenezeki. Bima ni komprehensivu na kampuni ilikubali klemu bila shida, ila ikasema thamani ya gari sokoni siku ya ajali ni milioni 28, shemeji ana ripoti ya mthamini inasema 36. Wamevutana miezi minne kwa simu tu, nenda rudi, mpaka nikamwambia shem simu haziko kwenye faili la mtu yeyote, andika notisi.

Ya kwanza aliyoandika ilisema anapeleka kesi kwa msuluhishi "kwa mujibu wa sheria". Mimi hilo nalipinga kabisa! Msuluhishi hapati mamlaka yake hewani, anayapata kwenye kile kifungu mlichosaini, kwa hiyo kitaje namba na ukinakili neno kwa neno.

Tukaitoa hati yake ya bima tukaisoma mezani. Sharti la 9 linasema ikitokea tofauti kuhusu kiasi cha kulipwa, wakati kampuni imeshakubali kuwajibika, tofauti hiyo iende kwa msuluhishi atakayeteuliwa kwa maandishi na pande zote. Hayo maneno ya katikati ndiyo yanayoamua kila kitu, maana kama kampuni ingekataa klemu nzima, labda kwa kusema leseni ya dereva ilikwisha, kifungu cha namna hii kisingemsaidia na angetafuta njia nyingine kama mahakama. Hati zingine zinasema "tofauti zote", hapo hata kukataliwa kunaingia, ila nyingi zina sharti kwamba ukikataliwa usipopeleka kwa msuluhishi ndani ya miezi 12 klemu inahesabiwa umeiacha. Kwa hiyo usimwige jirani, hati yake siyo yako.

Notisi ya pili ikawa ukurasa mmoja: namba ya hati na ya klemu, tarehe ya ajali, barua ya kampuni iliyokubali kuwajibika (hii usiisahau, ndiyo inayofungua mlango wa sharti la 9), sharti lenyewe lote, kinachobishaniwa ni milioni 8 na siyo kingine, jina la msuluhishi anayempendekeza, na siku 30 za kampuni kukubali au kuleta jina lake kama sharti linavyotaka. Akaipeleka mwenyewe ofisini mjini Mbeya, nakala yake ikagongwa muhuri na tarehe.

Kuna kitu kilinitisha. Wiki ileile waliwahi kumpa fomu asaini achukue zile 28 "kama malipo kamili na ya mwisho". Angesaini, ubishi ungekuwa umekwisha pale pale na notisi isingekuwa na cha kupeleka. Akaomba zilipwe kama sehemu tu ya deni, kwa maandishi, huku milioni 8 zikibaki kwenye mgogoro. Siku ya 19 kampuni ikajibu, jina la msuluhishi wamelikubali.