Kimya cha mwari na kimya cha mhasibu

Watu wakituma faili kuomba idhini huandika hivi: "Asalaam aleykum, naomba uipitie." Faili kurasa 12, hakuna la zaidi. Niipitie vipi? Nitafute nukta zilizopotea au nipige hesabu? Halafu siku ya tatu mtumaji huja juu: "Mbona hukunijibu?" Alaa!

Tuchukue mwongozo wa wakulima wa mwani unaotoka Chake kwenda kwa mchapaji mjini Unguja. Ofisa wa mwani apelekewe hivi:

"IDHINI: Mwongozo wa mwani, toleo la 3, jibu kabla ya Jumatano saa 8 mchana. Tafadhali angalia ukurasa wa 4 na wa 5 tu: siku za kuvuna na siku za kuanika. Lugha na picha zimeshapitishwa. Jibu NAKUBALI, au REKEBISHA ukitaja ukurasa na mstari, au SIKUBALI na sababu. Faili linakwenda kwa mchapaji Alhamisi saa 3 asubuhi. Nisipopata jibu halichapwi. Jumatano saa 9 nitakupigia simu, nikikukosa nitamfuata msaidizi wako."

Saa ile moja baina ya saa 8 na saa 9 imeachwa makusudi, ofisi ingali wazi na marekebisho yanawahi. Ukiandika "mwisho Alhamisi", mmoja ataelewa asubuhi na mwengine jioni, na mchapaji keshawasha mashine. Na kabla ya kupanga siku tazama bamvu: maji yakikupwa sana, ofisa wa mwani yuko pwani na wakulima, simu ameiacha juu.

Sasa kimya, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanasema kimya ni ridhaa. Sawa, mwari akiulizwa akanyamaza, ndoa inafungwa. Lakini pale kila aliyekaa anajua sheria hiyo kabla ya swali, na mwari ameulizwa jambo moja tu. Mhasibu aliyetumiwa faili akanyamaza huenda yuko likizo, huenda faili limekataa kufunguka kwenye simu yake. Kwa hiyo kimya kipewe maana kwa kupima hasara. Rangi ya jalada: "usipojibu tutaendelea na ya kijani," na hata hapo awe ameshajibu kuwa barua imemfika. Fedha, saini, au siku za kuanika mwani: kimya ni hapana, na barua iseme nani atafuatwa akikosekana mwenyewe. Mwani ukifungwa magunia haujakauka huharibika, na mkulima hatamuuliza mchapaji, atauliza nani aliidhinisha.

Kulipeleka faili kwenye grupu la watu 9 ni kutolipeleka. Kila mmoja anamngoja mwenziwe.

Haya, nakubali, kumwandikia mkubwa "usipojibu" kunaonekana utovu wa adabu. Basi muda uwe wa mchapaji, si wako: "Mchapaji anafunga kupokea Alhamisi saa 3, bila saini yako hatutapeleka." Hapo hana wa kumnunia.

Na jina la faili liwe `mwongozo_mwani_toleo3.pdf`. Hilo la `mwisho_mwisho2` mwachieni aliyelibuni.