Deni la elfu 38 na mkopo wa milioni 5

"Nilikuwa nadaiwa 38,000 tu, tena ya mkopo wa simu. Benki imeninyima milioni 5 kwa ajili hiyo. Haki iko wapi?" Ndivyo alivyouliza mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo.

Ripoti ya taarifa za mikopo, ile ambayo benki huisoma kabla ya kukopesha, wengi huiita orodha ya wadaiwa sugu, na hapo ndipo inapoonewa. Inaandika hata mema: mikopo uliyomaliza, unayoendelea kulipa, salio, kiasi kilichochelewa, siku za kuchelewa, mikopo uliyomdhamini mwenzako, na taasisi zilizoulizia habari zako. Chukua mama mwenye duka asiye na hati ya nyumba, aliyewahi kukopa milioni 3 na kurejesha 290,000 kila mwezi kwa miezi 12 bila kukosa. Miezi hiyo 12 imo kwenye ripoti. Kabla ya kanuni za mwaka 2012, zilizotoa njia kwa kampuni za taarifa za mikopo chini ya Benki Kuu, sifa hiyo angebaki akiijua afisa mikopo wa tawi lake tu. Angehamia benki nyingine, angeanza upya.

Sasa zile 38,000. Tuseme zilipaswa kulipwa Machi 10, na maombi ya milioni 5 yanapelekwa Julai 28. Ripoti itaonyesha siku 140. Afisa anatazama siku kabla ya kiasi, kwa kuwa siku ndizo zinazomweleza mkopaji hufanya nini mkopeshaji asipomfuatilia. Benki nyingi huuhesabu mkopo uliopita siku 90 kuwa chechefu, uwe wa elfu 38 au wa milioni 38. Kampuni ya taarifa haikatai mtu. Anayekataa ni benki, kwa sera yake.

Malalamiko yana msingi pia. Ripoti haisemi kama ulikuwa umelazwa Muhimbili, wala haioni marejesho ya kikundi cha mtaani kisichopeleka taarifa popote. Linaloniuma zaidi ni deni lililolipwa likabaki linasomeka wazi kwa sababu mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya. Hapo mkopaji anaadhibiwa kwa uzembe wa mwingine, na sioni cha kuutetea.

Kosa hilo lakini hugundulika. Omba ripoti yako kabla ya kuomba mkopo, ulinganishe namba ya NIDA, salio na tarehe ya malipo ya mwisho. Ukiona deni ulilolipa bado liko wazi, chukua kwa mkopeshaji barua ya kumaliza deni, umtake apeleke marekebisho, na uwasilishe pingamizi kwenye kampuni ya taarifa pamoja na risiti. Kama deni lilichelewa kweli, kulilipa leo kutaonyesha limefungwa, ila zile siku 140 zitaendelea kusomeka kwenye historia. Kwa hiyo ndugu yetu wa Kariakoo alipe, asubiri taarifa ibadilike, kisha aende na ripoti mkononi kumweleza afisa kilichotokea kati ya Machi na Julai.