Mzigo ukirudi, usikimbilie kumkata mteja nauli

Jumatano nilipigiwa simu na ofisi ya basi hapa Kigoma: njoo uchukue mzigo wako, umerudi kutoka Tabora. Nikaukuta kaunta, mfuko ule ule niliouzungushia gundi wiki iliyotangulia, juu yake pameandikwa kwa maka pen nyekundu: RUDI KWA MTUMAJI, SIMU HAIPATIKANI. Kabla hawajanipa nikalipishwa 6,000 ya kuurudisha.

Nilipowasimulia wenzangu wa vitenge pale Mwanga, jibu lao likawa moja: mkate mteja nauli zote mbili, umrudishie kinachobaki. Hakuna aliyeniuliza kwa nini simu haikupatikana. Hilo ndilo lililoniudhi hadi nikakaa kuandika.

Mteja wangu ni mwalimu wa Tabora. Alichukua pisi tatu za vitenge kwa 32,000 kila moja, jumla 96,000, akaongeza 6,000 ya basi na ya kutolea. Siku nne alikuwa ananiuliza mzigo uko wapi, nami nikimjibu watakupigia, mwalimu, subiri. Shughuli aliyovitakia ikapita akiwa amevaa nguo za zamani.

Namba ya mpokeaji huwa imeandikwa sehemu tatu: kwenye ujumbe wa mteja mwenyewe, kwenye risiti ya basi, na juu ya mzigo. Nikaziweka pamoja palepale kaunta. Ujumbe wa mwalimu unaishia 46. Risiti yangu inaishia 46. Juu ya mfuko, mkia wa sita umefutika kwenye gundi, inasomeka 40. Karani wa Tabora alikuwa anapiga 40 siku zote hizo, na mwalimu simu yake iko wazi mkononi.

Ingekuwa ujumbe wake ndio una namba mbovu, nauli zote mbili ni zake, na ningemdai bila aibu. Risiti ingekosewa, kosa ni langu, maana niliisoma na kuipokea. Lakini hapa karani wa Kigoma ndiye aliyeandika juu ya gundi. Sasa nani abebe?

Wenzangu wakaniletea sheria, na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wana hoja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwa kawaida kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, ni kama amemkabidhi mnunuzi. Ila sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji apange usafirishaji wa kueleweka kwa niaba ya mnunuzi. Na basi lenyewe nililichagua mimi. Risiti ina jina langu. Mwalimu akienda stendi ya Tabora kudai, atadai kwa karatasi gani? Mwenye uwezo wa kumbana msafirishaji ni mimi peke yangu, kwa hiyo mimi ndiye wa kumlipa mwalimu kwanza, halafu nihangaike na basi.

Nikaufungua mfuko mbele ya karani, nikahesabu pisi tatu, lebo zote zipo, hakuna iliyokunjuliwa. Ndipo nikampigia mwalimu.

"Dada, na ile nauli niliyotuma utanirudishia?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kisicho chake.

"Yote, mwalimu. Na ya kutolea. Ukitaka vitenge bado, navituma leo kwa gharama yangu."

Alitaka hela. Nikamtumia 102,000 na ya kutolea, kwa namba ile ile iliyonilipa, baada ya kuona jina lake limetokea kwenye simu. Mtu akikuomba urudishe kwa namba nyingine, kataa mpaka mwenye muamala akupigie mwenyewe.

Najua inauma. Faida yangu kwa pisi ni 4,000, kwa hiyo nauli za kwenda na kurudi zinameza faida ya zote tatu. Ndiyo maana nilirudi kwa karani na risiti mkononi, nikamwonyesha 46 na ile 40. Alibisha kwanza, akamwita msimamizi. Nikarudishiwa 6,000 ya kurudi. Ya kwenda wakasema basi lilitembea, hawalipi. Wakakubali kunisafirishia mzigo mmoja bure, nikawaandikisha nyuma ya risiti na kugonga muhuri.

Mteja aliyepigiwa na hakwenda kuchukua, huyo alipe nauli zote na ya kutunza mzigo. Aliyebadili mawazo, vilevile. Aliyetumiwa rangi asiyoagiza, muuzaji abebe kila kitu.

Siku hizi naandika mwenyewe, kwenye karatasi, kisha gundi ya kuonyesha ndani inapita juu yake. Napiga picha mzigo ukiwa bado kaunta, namtumia mteja, na siondoki stendi mpaka anijibu kwamba namba ni yake.