Kwenye tangramu, rula ije mwisho

Tangramu ni mraba uliokatwa vipande saba: pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mdogo na msambamba. Karatasi nyingi za kazi za tangramu humpa mwanafunzi vipande hivyo, rula na jedwali la kujaza maeneo. Mimi naona rula hiyo inaharibu somo. Mtoto akipima msambamba uliokatwa kwenye mraba wa sentimita 20, anapata upande mmoja 10 na mwingine takriban 7. Anazidisha, anaandika 70. Jibu sahihi ni 50, maana kimo chake ni 5 tu, na kimo hicho hakionekani ukingoni. Kipimo kimemdanganya kabla hajafikiri.

Karatasi yangu huanza na swali moja: kati ya mraba mdogo, msambamba na pembetatu ya kati, kipi kikubwa? Darasa lipige kura. Wengi huchagua msambamba au pembetatu kwa sababu vinaonekana virefu. Baada ya kura ndipo wanachukua pembetatu mbili ndogo na kujaribu kufunika kila umbo. Zinafunika mraba. Wanazigeuza, zinafunika msambamba. Wanazigeuza tena, zinafunika pembetatu ya kati. Maumbo matatu, eneo moja. Mzingo ndio unaotofautiana: wa mraba ni mfupi kuliko wa hayo mengine mawili, na hapo ndipo macho yalipopotea.

Kutoka hapo pembetatu ndogo inakuwa kipimo. Pembetatu kubwa inachukua nne, mraba mzima unachukua 16. Kwa hiyo ndogo ni 1/16, yale matatu ni 1/8 kila moja, na kubwa ni 1/4. Sasa leta rula kama unaitaka: eneo lote ni 400, gawanya kwa 16, pembetatu ndogo ni sentimita za mraba 25.

Kwa mwalimu: mraba wa sentimita 20 unatosha kwenye karatasi ya A4, ila manila ni bora, karatasi nyepesi hujikunja watoto wakipanga. Kila kundi liweke alama ya rangi yake nyuma ya vipande, la sivyo pembetatu ndogo zitahamia kwa majirani na hesabu haitatimia.

Atakuwepo atakayesema kila kipande ni 1/7 kwa kuwa vipo saba. Usimsahihishe, mwambie aweke pembetatu ndogo juu ya kubwa, halafu nyamaza. Mwingine atakwama kwenye msambamba akijaza umbo fulani: huenda anatakiwa kuupindua upande wa pili, maana kuuzungusha peke yake hakutoshi.

Swali la mwisho kwenye karatasi ndilo linaloonyesha nani ameelewa: tuseme pembetatu ya kati ndiyo 1, mraba mzima ni ngapi, na pembetatu ndogo ni ngapi? Anayejibu 8 na nusu ameelewa. Aliyekariri 1/16 atauliza jedwali liko wapi.