Namba ya kwanza ikishasemwa, kikao kimeisha

Misimu miwili nyuma, chama cha msingi cha kijijini kwa mama yangu, huku Newala, kilikaa kikao cha kukadiria korosho ili kijue kinaagiza magunia mangapi. Nilikuwepo, maana huwa nawasaidia mambo ya kompyuta na madaftari ya mizani. Mzee mwenyekiti akafungua kikao, akasalimia, akasema "mwaka huu naona tani 300 hivi, au vipi wenzangu?" Basi, imeisha hiyo. Wa kwanza akasema 310, wa pili 290, bwana shamba akasema yeye anakubaliana na mzee, karani wa mizani akainamisha kichwa akaandika. Dakika kumi na tano tu tukawa tumemaliza, watu saba, namba moja.

Korosho zilizokuja mzanini ni tani 412. Gunia moja linabeba kilo 80, kwa hiyo tuliagiza magunia 3,750 wakati tulihitaji 5,150. Pengo la magunia 1,400, na hapo ndo mvua za mwanzo zinaanza kunukia. Bibi yangu alikaa na korosho zake sakafuni kwenye chumba cha kulala zaidi ya wiki mbili, kila asubuhi anazitoa kwenye jamvi, jioni anazirudisha ndani, ukizikamata mkononi unasikia kabisa unyevu umeanza kuingia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya kile kikao karani alinifuata nje akaniambia yeye moyoni alikuwa na 400. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akanijibu, "Yule ni mjomba wangu, nimpinge mbele za watu?" Na kwakweli huku kwetu mjomba ni mjomba, sio mtu wa kumrushia namba usoni, sasa mwenyekiti akiwa mjomba wa nusu ya wajumbe hapo hakuna kikao cha makadirio, kuna kikao cha kumkubali mjomba.

Lakini sio heshima peke yake. Hata asingekuwa mjomba, namba ya kwanza kusemwa ina nguvu yake. Mwaka 1974 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika juu ya jaribio la gurudumu lililotengenezwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, afu watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10, jibu lao la katikati lilikuwa 25, walioangukiwa na 65 lilikuwa 45. Yaani gurudumu tu, ambalo kila mtu ameliona linazungushwa, limewavuta. Sasa gurudumu likiwa na kofia na fimbo na limekaa meza ya mbele, itakuwaje?

Msimu uliofuata nikaomba tujaribu njia inayoitwa Delfi. Ilianzia Marekani kwenye taasisi ya utafiti ya RAND miaka ya 1950, akina Olaf Helmer na Norman Dalkey, na jaribio lao maarufu, waliloruhusiwa kulichapisha mwaka 1963, lilikuwa la kutisha kidogo: wataalamu saba waliulizwa Wasovieti wangehitaji mabomu mangapi ya atomiki kuangusha uzalishaji wa silaha wa Marekani. Mwanzoni makadirio yalikuwa kati ya 50 na 5,000, baada ya duru tano za maswali yakawa kati ya 167 na 360. Bila kukaa meza moja kubishana. Saba kama sisi, nikasema basi inatosha.

Jinsi tulivyofanya ni hivi. Katikati ya mwezi wa nane, mikorosho ikiwa na maua na matunda machanga, kila mjumbe alinitumia mimi peke yangu namba yake na sababu ya mstari mmoja au miwili. Mwanzo nilisema waandike kwenye karatasi, nikastuka mapema kwamba karani anaujua mwandiko wa kila mtu pale kijijini, ana miaka anasoma sahihi zao, kwa hiyo karatasi ingekuwa siri ya uongo. Tukahamia kwenye meseji za simu, na mzee mmoja ambaye meseji zinamsumbua akawa ananipigia. Mimi nazichapa zote kwenye ukurasa mmoja, bila majina, nawarudishia, wanakaa nayo siku kadhaa, wanatuma tena. Anayetaka kubadili abadilishe, asiyetaka abaki, ila sababu lazima.

Duru ya kwanza zilikuja tani 300, 340, 360, 390, 420, 520 na 650. Ukizipanga hivyo, ya katikati ni ya nne, 390. Watu wengi wangeishia hapo wakaichukua, na hilo ndo kosa kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, kwa sababu utamu wa Delfi haupo kwenye namba ya katikati, upo kwenye sababu za wale wa pembeni. Wa 650 alikuwa amehesabu mikorosho mipya yote kama imeshakomaa. Wa 340 alisema vitongoji vya bondeni dawa ya salfa ilichelewa, ugonjwa wa ubwiri unga umeshakula maua. Na wa 300 aliandika kitu ambacho nakuhakikishia kisingesemwa kwenye kikao chochote: kwamba kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wameshaingia, wanapima kwa bakuli huko majumbani, kuna watu wameshachukua hela na korosho zao hazitafika mzanini hata mti uzae vipi. Mbele ya viongozi nani aseme hivyo? Akisema anaulizwa umejuaje, wamekuja kwako? Kwenye ukurasa usio na majina ilikaa kama mstari mmoja tu kati ya mistari saba, na kila mtu akausoma.

Duru ya pili: 340, 370, 390, 410, 430, 460, 560. Duru ya tatu: 380, 400, 410, 420, 430, 440, 540. Ukiacha namba moja ya chini kabisa na moja ya juu kabisa, upana ulikuwa 340 hadi 520, ukaja 370 hadi 460, mwisho 400 hadi 440. Nikasimamisha hapo, maana mtu mmoja kwenye duru ya tatu alisogeza namba yake halafu kwenye sababu akaandika "naungana na wengine". Hiyo ndo dalili ya kuangalia. Namba ikihama na sababu mpya, mtu amejifunza kitu, namba ikihama bila sababu, mtu amechoka au anaona aibu kubaki peke yake, na ukiendelea na duru ya nne unakusanya uchovu sio makadirio.

Bado kuna wa 540, ambaye hakutaka kushuka kufika wenzake walipo. Sababu yake ilikuwa kwamba chama jirani kina malalamiko ya malipo, wakulima wake wa mpakani watavuka kuja kupima kwetu. Kwenye kikao cha kawaida huyu angezomewa hadi akubali. Sisi tukaiacha namba yake ilivyo, ila tulipokaa kuagiza hatukuchukua 420 ya katikati, tukaagiza magunia ya tani 450, yaani 5,625, kwa sababu gunia likizidi linasubiri mwakani na gunia likikosekana korosho ya mtu inaloa. Zilikuja tani 438, magunia 5,475. Yalibaki 150. Msimu mmoja hauthibitishi njia, najua, ungeweza kuwa bahati, lakini ile sababu ya kangomba haikuwa bahati, ilikuwa kichwani mwa mtu na ikapata mlango wa kutokea.

Sasa wenzangu wa kompyuta hapa Mtwara mjini tukizungumza wananiambia mbona unajitesa wiki tatu, chukua poka. Poka ya makadirio wanamaanisha, ile aliyoiandika James Grenning mwaka 2002 kwa ajili ya timu za programu. Naijua na ninaitumia. Sisi tupo watano, tunatengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za mizani, kila mtu ana kadi za 1, 2, 3, 5, 8, 13 na 20 tulizokata kwenye manila. Kazi inasomwa, maswali yanaulizwa bila mtu kutaja namba, kila mtu anachagua kadi anailaza kifudifudi, moja mbili tatu tunafunua kwa pamoja. Hizo namba sio masaa, ni ukubwa wa kazi ukilinganisha na kazi tuliyoizoea, na zinaruka hivyo kwa makusudi kwa sababu kazi ikiwa kubwa hakuna mtu anayeweza kutofautisha 12 na 13.

Mwezi uliopita tulikuwa na kazi ya kumuonyesha mkulima malipo yake kwa namba ya simu. Tukafunua: 3, 3, 5, 3, na binti mgeni kwenye timu ana 13. Utaratibu ni kwamba mwenye ndogo na mwenye kubwa ndo wanaoongea kwanza. Akasema kwao Tandahimba simu moja inatumiwa na baba, mama na shangazi, wote wakulima, wote wana daftari lao, sasa mfumo utamlipa nani? Kimya. Tukarudia, zikaja 8, 8, 13, 8, 8, tukaandika 8. Kama angeulizwa mwishoni baada ya sisi wanne kutamka tatu tatu, sidhani kama angesema.

Kwa hiyo poka naipenda. Ila angalia inachoua na inachoacha. Inaua ile namba ya kwanza, kwa sababu zote zinatoka sekunde moja. Haiui uso. Ukishafunua, kila mtu anaona nani kaweka nini, na duru ya pili watu wanaweza kumfuata mkubwa tu. Tumewahi kuwa na mwenzetu mzoefu anayefunua nusu sekunde baada ya wengine, au anavuta pumzi kwa nguvu akiona 13, na hiyo pumzi peke yake ilikuwa inashusha kadi za raundi inayofuata. Kati ya watu wa rika moja linavumilika, unamwambia kaka acha hiyo, anaacha. Pale kijijini, kadi mkononi mwa karani na mjomba wake amekaa mbele yake, raundi ya kwanza tu ingekuwa ya kweli.

Ndo maana sikubali hii tabia ya kuichukulia Delfi kama poka ya zamani iliyochelewa. Zinatibu magonjwa mawili tofauti. Na zote mbili haziwezi kutoa kisichokuwemo: kama kati ya wale saba asingekuwepo hata mmoja aliyesikia habari za kangomba, tungekubaliana vizuri kabisa kwenye namba mbovu. Mwaka huu nimeomba waongezwe wawili, dereva wa lori linalobeba mzigo na mama mmoja anayeuza salfa, kwa sababu yeye ndo anajua nani kapuliza na nani hajapuliza. Meseji nane zimeshaingia, nasubiri ya mzee asiyependa meseji, ameniambia nimpigie baada ya magharibi.