Mgongo Wako Upumzike

Slaidi yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo nalisema kwa haki. Ilikuwa na picha kubwa ya kijana anayetabasamu katikati ya mikorosho, amebeba mgongoni mashine ya injini ya kupulizia dawa, na juu ya picha yameandikwa kwa herufi nene maneno matatu: MGONGO WAKO UPUMZIKE. Chini yake kulikuwa na mistari midogo: kilo 11, tangi la lita 14, injini ya 3.5 HP, mikanda yenye sponji, bei ya uzinduzi Sh 685,000. Mwenye duka la pembejeo hapa Mtwara mjini, ambaye nitamwita bosi kwa kuwa ndiye aliyenilipa, alinitumia slaidi hiyo kwa simu pamoja na agizo fupi: "Nifanyie tangazo la redio la sekunde thelathini. Ujumbe mkuu ndio huo hapo juu. Usiubadilishe."

Msomaji asiyeijua mashine hiyo avumilie kidogo. Huku kwetu mikorosho inapoanza kuchanua, ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua na majani machanga, na mkulima asiyepuliza dawa hana cha kupeleka mnadani. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Mashine hiyo hubebwa mgongoni, na kilo zake 11 ni kabla ya kutiwa dawa. Ukijaza tangi dawa ya maji badala ya unga, unabeba uzito wa mfuko wa nusu wa saruji. Mgongo unaopumzika hapo ni wa yule kijana wa kwenye picha, ambaye nina hakika tangi lake lilikuwa tupu. Kilichokuwa kipya kwa kweli ni mikanda: ilikuwa mipana na imejazwa sponji, kwa hiyo haikati mabega kama ile ya zamani.

Niliandika rasimu, nikaisoma kimoyomoyo huku nikitazama saa ya simu, ikatoka sekunde 22. Nilipoisoma kwa sauti, ikatoka 33. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu jicho hupita juu ya tarakimu bila kuzitamka. Bei ile kwenye karatasi ni neno moja, lakini mdomoni ni "shilingi laki sita na elfu themanini na tano", yaani karibu sekunde nne kwa mtangazaji anayetaka kueleweka. Kiswahili chetu kina maneno marefu, na mtangazaji asiyekimbizwa husoma maneno hamsini hadi sitini hivi katika sekunde thelathini, pamoja na pumzi zake. Rasimu yangu ilikuwa na maneno mengi kuliko hayo hata kabla bosi hajaiona.

Bosi alipoiona akataka namba ya simu, ambayo mimi niliiweka mara moja, isomwe mara mbili. Tarakimu kumi zikisomwa taratibu, ili mtu aliye shambani apate kuziandika kwa kijiti mchangani, huchukua sekunde saba. Mara mbili ni kumi na nne. Akaongeza pia mzee wa kulalamika mwanzoni, kwa kuwa alisikia kwamba matangazo mazuri huanza na igizo. Tulipokwenda studio na kurekodi, fundi mitambo akatazama kompyuta yake na kusema, "Arobaini na moja."

Redio ile huuza nafasi ya sekunde thelathini, na mtambo wa kurushia matangazo hauna huruma: muda ukifika, unakata hata kama mtangazaji yuko katikati ya neno. Fundi alijaribu kuikimbiza sauti kwa kompyuta, yule mzee mwenye maumivu akageuka kuwa mtoto wa chekechea anayelilia uji. Tukakubaliana kupunguza sekunde kumi na moja.

Nikapendekeza namba isomwe mara moja. Bosi akakataa, akisema namba ndiyo biashara. Nikapendekeza tuondoe lita na nguvu za injini, kwa kuwa hakuna mkulima anayekurupuka kitandani kwa ajili ya lita 14. Akakataa, akisema mambo hayo yamo kwenye slaidi iliyotoka kiwandani. Kisha akaichukua karatasi yangu, akatoa kalamu mfukoni, na kwa utulivu wa mtu aliyepata jibu akakata sentensi mbili: moja ya bei, na nyingine iliyosema "mashine mpya ya kupulizia mikorosho".

"Bosi," nikamwambia, "hapo tumeondoa kitu chenyewe."

"Kwani nani asiyejua ni kitu gani?" akajibu. "Si wataona?"

Nilimkumbusha kwamba hii ni redio. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Ninaamini kabisa kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa ameitazama slaidi ile kwa wiki nzima, na kila aliposikia maneno "mgongo wako upumzike", kichwani mwake mashine ilikuwa inanguruma na kijana anatabasamu.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, kabla ya taarifa ya habari, wakazi wa Mtwara na vitongoji vyake walisikia yafuatayo:

MZEE: (akiugulia) Aa, jamani, mgongo!
MTANGAZAJI: Mgongo wako sasa upumzike! Imefika Mtwara! Ina ujazo wa lita kumi na nne na nguvu za farasi watatu na nusu! Mgongo wako sasa upumzike! Piga simu sasa!

Baada ya hapo ikafuata namba, mara mbili, kwa ufasaha wa kupigiwa mfano.

Nilifika dukani saa tatu, nikamkuta bibi mmoja ameketi kwenye gunia la mbegu, amejifunga khanga kiunoni kwa nguvu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye daktari?"

Alikuwa ametoka Mikindani kwa daladala, na alichokitaka kilikuwa dhahiri: dawa ya mgongo. Hakuhitaji lita kumi na nne zote, alisema, amekuja na chupa yake. Akaitoa kwenye kikapu. Ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita, imeoshwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa. Nyuma yake walikuwapo wengine, nao wamekuja na chupa, na mama mmoja amekuja na dumu kwa niaba ya ukoo.

Simu ya duka nayo haikupumzika, tofauti na migongo. Wengi waliuliza dawa hiyo inanywewa au inachuliwa. Lakini waliomtoa bosi jasho ni wanaume watatu wa makamo waliosimama kando ya mlango mpaka duka likapungua watu, ndipo mmoja akasogea kaunta na kumnong'oneza, "Hatuna shida na mgongo sisi. Tunaulizia ile ya farasi watatu na nusu." Ukizingatia ni matangazo mangapi ya dawa za nguvu hurushwa redioni kila siku, sioni mtu wa kuwalaumu. Bosi aliwaonyesha mashine. Wakaizunguka kwa heshima, wakatazama lile bomba refu la kupulizia, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo sana jinsi inavyotumika. Nilitoka nje kwa kisingizio cha kupokea simu.

Mkulima wa mikorosho hakuja hata mmoja, na hilo ndilo lililomuuma bosi. Alasiri akaniambia niandike upya, nami nikampa sharti moja: sentensi itakayobaki itachaguliwa na mtu ambaye hajaiona slaidi. Nje ya duka alikuwapo mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha, naye ana mikorosho yake upande wa Nanguruwe. Nilimwita, nikamsomea tangazo la asubuhi, kisha nikamuuliza tunauza nini. "Dawa," akasema. Nikamwonyesha mashine, nikamwomba aijaribu mgongoni. Aliivaa, akatembea hatua kadhaa, akatikisa mabega, akasema, "Nzito. Ila mikanda hii haikati."

Hapo ndipo ujumbe mkuu ulipokuwa siku zote, katika mstari mdogo wa nne wa slaidi. Lita zikatoka, farasi wakatoka, bei ikabaki dukani ambako mteja ataiuliza akiwa tayari ameigusa mashine. Namba ya simu nayo ikatoka, na mahali pake nikaweka Soko Kuu, ambalo kila mtu hapa analijua bila kuliandika popote. Tatizo lililobaki lilikuwa mlio wa injini, ambao bosi aliupenda sana. Redioni injini ndogo ya mashine ya kupulizia na bodaboda ni ndugu wa tumbo moja, na sikutaka kesho yake tupokee watu wenye helmeti. Nikaamua kuutumia mkanganyiko huo huo:

SAUTI: (injini inawaka, inapungua)
MKULIMA: Nani huyo anayewasha pikipiki shambani alfajiri?
JIRANI: Si pikipiki. Ni mashine mpya ya kupulizia mikorosho.
MKULIMA: Naona mikanda yake ina sponji.
JIRANI: Ndiyo, haikati mabega hata kidogo. Nitamaliza kupuliza kabla umande haujakauka.
MTANGAZAJI: Mashine ya kupulizia mikorosho, yenye mikanda ya sponji. Ipo duka la pembejeo, mkabala na Soko Kuu, Mtwara. Njoo uivae, uipime mwenyewe.

Ni maneno hamsini kamili. Jina la kitu linatajwa mapema na kurudiwa mwishoni, kwa ajili ya yule aliyekuwa anapika na kuanza kusikiliza katikati. Fundi mitambo alirekodi, akatazama kompyuta, akasema "Ishirini na tisa," na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Nilimsomea pia mama wa ming'oko kabla halijarushwa. Aliuliza bei, swali ambalo mwandishi wa matangazo hulisikia kwa furaha kuliko sifa.

Wakulima walianza kuja kesho yake, wanaivaa mashine, wanatembea nayo hadi mlangoni na kurudi, wanatikisa mabega. Pamoja nao alikuja tena yule bibi wa Mikindani, safari hii bila chupa. Alikuwa amelisikia tangazo jipya na kulielewa vizuri sana. Akaipapasa mikanda kwa muda mrefu, akaibonyeza sponji kwa kidole gumba, kisha akamwambia bosi amfungulie mikanda tu, injini akae nayo. Anabeba kuni kila siku, akasema, na kamba inamkata.

Bosi alikuwa na mikanda ya akiba stoo. Akamuuzia jozi moja, kisha akawauzia majirani zake waliomfuata, na jioni akanipigia simu akiwa na sauti ya uzinduzi. Anataka tangazo la pili, la sekunde thelathini, la mikanda peke yake.

"Ila hili," akasema, "lianze na mgongo."