Ndevu za kipilipili: sheva ya wavu au trima?

Wanaoitetea sheva ya wavu wana hoja nzito: katika mashine za umeme, hiyo ndiyo inayoacha kidevu laini kuliko zote. Wanaoikataa nao wana yao: siku mbili baadaye shingo imejaa vipele. Wote wanasema kweli, ila nywele wanazozizungumzia si za aina moja.

Vifaa hivi hutofautiana zaidi katika umbali uliopo kati ya makali na ngozi. Mashine ya kunyolea ina nguvu na meno mapana. Ukiivalisha kitana namba 1 inaacha nywele za milimita 3, na namba 2 inaacha milimita 6. Kazi yake ni kichwa, au ndevu zilizokwisha kuwa kichaka. Trima ina meno madogo na inakaribia ngozi zaidi, lakini inaacha vishina ambavyo ukipitisha kiganja unavihisi. Sheva ya wavu makali yake hayaigusi ngozi. Yamejificha nyuma ya bati jembamba lenye matundu, na unywele huingia tunduni ukakatwa humo.

Mwenye nywele za singa hana haja ya kuumiza kichwa. Unywele wake ukikatwa chini kabisa, unachomoza tena ukiwa umenyooka. Anachotakiwa ni kunyoa kila siku au kila baada ya siku moja, kwa sababu ndevu zikirefuka hulala juu ya ngozi, haziingii matunduni, naye ataishia kusugua mahali pamoja mpaka pawashe. Zikishamzidi, atangulize trima.

Kwenye kipilipili mambo hubadilika. Unywele wa aina hii umejipinda hata ndani ya kitundu chake. Ukikatwa karibu sana na ngozi unabaki na ncha kali, na unapokua unapinda na kuichoma ngozi upya. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi ni vibaya zaidi, maana ncha hiyo inaweza kutoboa ukuta wa kitundu bila hata kutoka nje. Mwili unaupokea unywele huo kama mwiba, na kipele kinatokea.

Hata hivyo, sheva ya wavu isihukumiwe pamoja na wembe. Lile bati linasimama katikati, kwa hiyo kwa kawaida haikati chini sana kama wembe, na wapo wenye kipilipili waliopata nafuu kwa kuhamia kwake. Shida huanza mtu anapoikandamiza, ngozi ikavimbia matunduni, au anapoivuta ngozi kwa vidole ili inyooke. Akiiachia, unywele uliokatwa unarudi ndani. Ulaini anaojisifia asubuhi umetokana na kosa hilohilo.

Tuchukue mtu mwenye ndevu za kipilipili anayetumia sheva kila baada ya siku moja, na ana vipele chini ya taya. Kwanza aangalie vinatokea lini. Wekundu ulioenea mara tu baada ya kunyoa, kisha ukapoa baada ya saa chache, ni msuguano au joto la bati. Vipele vinavyokuja siku ya pili au ya tatu, kimoja kimoja, na ndani yake ukaona unywele umejikunja kama kipete, ni nywele zilizorudi ngozini. Huyo aiweke sheva kando kwa wiki kadhaa, atumie trima yenye kitana kinachoacha takriban milimita 1, na apitishe kuelekea zinakolala nywele. Shingoni mwelekeo hubadilika ghafla, kwa hiyo aupapase kwanza kwa kidole.

Gharama ya uamuzi huo haifichiki: hatakuwa na kidevu kinachong'aa, na kivuli cha ndevu kitaonekana. Kwa anayelazimika kuwa laini kabisa kazini, hilo si jambo dogo. Vipele vikiisha anaweza kujaribu sheva mashavuni tu, kwa mkono mwepesi, huku shingo akiiachia trima. Mimi ningeanzia kwenye trima, na sheva ningeinunua mwisho kama bado ninaihitaji.

Trima nayo si malaika. Wapo wanaosogeza meno yake mpaka yalingane kabisa ili ikate chini zaidi. Hapo inang'ata ngozi na kuacha mikwaruzo papo hapo. Ikianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, meno yamekauka au yamekuwa butu. Yasafishwe kwa brashi na yatiwe tone moja au mawili ya mafuta ya mashine, na kama bado inavuta, yabadilishwe.

Kichwani mashine bila kitana inatosha. Anayetaka upara unaoteleza anaweza kumalizia kwa sheva, lakini asishuke nayo mpaka ukosini. Kwa wenye kipilipili, vipele vya hapo vinaweza kugeuka makovu magumu yaliyoinuka, na vikianza kukaza ni kazi ya daktari wa ngozi.